Kasi ya Ofisi ya Masudi

Masudi, wakala wa kutoa mizigo forodhani, hana tabia ya kukaa. Akija dukani kwangu anaanza kuongea akiwa bado mlangoni, simu moja sikioni, nyingine mkononi, na anaondoka kabla hujamaliza kumjibu. Siku ile alikuja vilevile.

"Da Siti, lile tangazo langu bado unalo?"

"Ninalo. Limo kwenye kompyuta tangu Pasaka."

"Badilisha tarehe tu. Nitolee kopi, moja ubandike hapo mlangoni kwako, nyingine nitatuma mtu azifuate."

Huyoo, kaondoka. Hata karibu yangu ya chai kaiacha inaning'inia hewani.

Steshenari yangu ipo mtaa wa Mwaka, hapa Tunduma, mpakani na Zambia, pembeni ya barabara ya malori. Nauza madaftari, natoa kopi, naandika barua za watu, na kwa kuwa nina benchi refu na chupa ya chai isiyokauka, duka halijawahi kuwa tupu. Mwenye shida anaingia, asiye na shida anaingia kusikiliza shida ya mwenzake. Mlango wangu ndio ubao wa matangazo wa mtaa mzima: vyumba vya kupanga, mbuzi aliyepotea, na kazi. Za kazi ndizo zinazosomwa kwa sauti.

Nikabandika la Masudi. Gundi ya lile la Pasaka ilikuwa bado ipo mlangoni, nikalipachika palepale juu yake.

Wa kwanza kulisoma alikuwa Gwantwa. Alikuwa anatoka kazini, macho mekundu. Gwantwa ana diploma ya ugavi kutoka Mbeya, lakini kazi aliyopata ni ya mapokezi ya gesti moja kule chini, zamu ya usiku, anawafungulia milango madereva wanaorudi wamelewa. Ana binti, Tabita, anayekaa na bibi yake kijijini Ihanda, njia ya Mbeya. Januari Tabita anaanza darasa la kwanza, na Gwantwa alishaapa mbele ya benchi zima kwamba mtoto ataanzia shule hapa Tunduma, chini ya macho ya mama yake. Hakuapa kwa mdomo tu. Alinunua begi la shule kwangu, la njano, akasema, "Da Siti, nitunzie, nikiliweka chumbani nitalia kila siku." Nikalitundika kwenye msumari nyuma ya meza yangu. Kwa hiyo mtaa mzima ulijua: akipata kazi ya mchana, begi linashuka. Asipopata, mtoto anabaki Ihanda, maana nani atamwacha mtoto wa darasa la kwanza alale peke yake usiku kucha, mama yuko gesti?

"Ofisa Nyaraka," alisoma Gwantwa, na usingizi ukamtoka usoni. "Da Siti! Hii ni kazi yangu. Nyaraka za mizigo ndizo nilizosomea!"

"Soma mpaka mwisho," alisema Zahoro kutoka kwenye benchi.

Zahoro ni dereva wa lori, mtu wa Tanga, mwenye maneno mengi. Gari lake lilikuwa kwenye foleni ya kuvuka mpaka, iliyofika hadi Mpemba, na tangu juzi halijasogea, kwa hiyo alikuwa amehamia kwangu na chapati zake.

Gwantwa akasoma kwa sauti. "Tunatafuta kijana mchapakazi na mwenye ari, anayeweza kufanya kazi katika mazingira yenye kasi bila kusimamiwa. Awe tayari kwa majukumu mengine atakayopangiwa. Maslahi ni mazuri kulingana na uwezo. Kwetu sisi ni familia. Kuanza mara moja."

Zahoro alicheka mpaka chai ikamwagika. "Mazingira yenye kasi! Tunduma hii? Mdogo wangu, mimi nina gari lina siku ngapi halijazunguka tairi, na mtu anakwambia kuna kasi! Kasi iko wapi?"

"Kasi yao ni ya ofisini, kaka Zahoro, siyo ya barabarani."

"Ofisini ndiko kubaya zaidi. Sikiliza nikufundishe. Gari linakaa, linakaa, linakaa. Ghafla saa tatu usiku wanasema mfumo wa forodha umekubali, leteni karatasi. Hapo ndipo kasi inapoanza. Na anayeamshwa ni nani? Ni huyo Ofisa Nyaraka."

Benchi likachangamka. Mama mmoja aliyekuja kutoa kopi ya cheti cha ubatizo akaacha cheti, akasogea. "Na hapo penye 'bila kusimamiwa', maana yake hakuna wa kukufundisha. Ukikosea, ni wewe."

"Majukumu mengine," akadakia Zahoro, "ni kumpelekea mke wa bosi gesi."

"Na 'kuanza mara moja'?" aliuliza Gwantwa. Sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Aliyekuwepo kakimbia."

Wakaangua kicheko. Gwantwa hakucheka. Alilitazama begi la njano, akalitazama tangazo, halafu akanitazama mimi. Na mimi, Mungu anisamehe, nina mdomo. Nilijua kitu ambacho benchi halikukijua: faili lile nilikuwa nimelitoa mwanzo wa mwaka, nikalitoa Pasaka, na sasa nalitoa tena, maneno yaleyale.

"Ni mara ya tatu mwaka huu," nikasema.

Hapo akajifunga kanga yake vizuri, akasema, "Basi si kazi yangu," akaenda kulala.

Nilikasirika. Nilijikasirikia mimi, nikalikasirikia benchi. Tumemaliza kikombe cha chai tukiicheka riziki ya mtu! Nikamwambia Zahoro, "Wewe unajuaje? Labda ana kazi nyingi tu, biashara inakua. Au labda maneno yenyewe kanakili mahali. Neno kasi peke yake halikwambii kitu, linaweza kuwa hili au lile."

"Ndiyo nasema. Linaweza kuwa hili," alijibu, akakata chapati.

Baada ya siku chache Masudi akarudi, na safari hii alikaa. Nikajua mambo si mazuri.

"Da Siti, watu wa mji huu hawataki kazi?"

"Kwani hawaji?"

"Wanakuja watoto watupu! Vijana wa kofia nyuma. Namuuliza mmoja, utaweza? Ananiambia, bosi mimi ni fasta. Nimempa ajaribu jana. Fasta kweli! Kaandika namba ya trela ya gari lingine. Forodha wamezuia gari mpaka turekebishe, mwenye mzigo ananitukana tangu asubuhi. Mimi nahitaji mtu mzima, mtulivu, anayesoma karatasi mara mbili kabla hajabonyeza. Wako wapi watu kama hao?"

"Wanasoma tangazo lako, wanaondoka."

"Tangazo lina nini?"

Nikampeleka mpaka mlangoni, nikamwekea kidole. "Umeandika kijana. Umeandika ari. Umeandika kasi. Mtulivu akisoma hapa anaona hatakiwi. Anayejiona ni fasta ndiye anayeitwa."

"Aaah, Da Siti! Hayo maneno yako kwenye kila tangazo. Mimi nililitoa kwenye tangazo la kampuni moja ya Dar, nikabadilisha jina. Nilitaka lionekane la kisasa."

Nilitaka kupiga meza. Yaani Gwantwa kaikimbia kazi kwa maneno ambayo mwenyewe hata hakuyatunga! Nikamwambia, "Yupo mtu ninayemjua. Ana diploma, ana akili, anasoma kitu mpaka mwisho. Ila atakuuliza maswali."

"Aulize. Mlete keshokutwa."

Kumshawishi Gwantwa ilikuwa kazi nyingine. Nilimfuata mpaka chumbani, nikamkuta anafua. "Masudi kasema mwenyewe. Kanakili. Maneno matupu," nilimwambia. "Nenda ukaone kwa macho yako."

Alikamua shati muda mrefu. "Sawa, Da Siti. Nitakwenda. Lakini sitamuuliza kama kazi ni ngumu. Kila bosi atasema ni ya kawaida. Nitamuuliza jana ilikuwaje."

Ofisi ya Masudi ni kontena lililotobolewa dirisha, karibu na maegesho ya malori, unaliona geti la mpaka na Nakonde ya Zambia ng'ambo yake. Mimi nilikwenda kupeleka kopi zake, maana yule mtu wa kuzifuata hakuwahi kuja. Ningeweza kuziacha na kuondoka, lakini kulikuwa na kiti, nikakaa, na hakuna aliyenifukuza.

Gwantwa alikuwa amevaa gauni la kanisani. Alijibu kila alichoulizwa. Masudi alimpa karatasi za gari moja, ankara ya mzigo na orodha ya mzigo, akamwambia azikague. Alizisoma, akazirudia, kisha akasema, "Uzito wa hapa na wa hapa haufanani." Masudi akanyanyua nyusi, akanitazama mimi kwa furaha kama vile mimi ndiye niliyemzaa. Nikaona begi linashuka msumarini.

"Mimi nimeridhika," alisema Masudi. "Una swali?"

"Ninalo, bosi. Jana ulitoka ofisini saa ngapi?"

"Jana?" Alicheka. "Jana ilikuwa siku nzuri. Tulifungua saa mbili. Magari hayakusogea mchana kutwa, tukakaa tunasubiri tu. Jioni yakaachiwa yote pamoja, basi, tukakimbizana nayo. Nilifika nyumbani saa nne usiku. Lakini nilikuwa nimeshakula, si haba."

"Na nyaraka alikuwa anafanya nani?"

"Mimi na yule kijana wa fasta. Hapa pana kiti kimoja tu cha nyaraka."

"Na kabla yake alikuwepo nani?"

Simu ikalia. Masudi akapokea, akapiga kelele kuhusu trela, akakata. "Ulikuwa unasema?"

"Nani alikuwepo kabla yake?"

"Lusubilo. Mzuri sana yule. Lakini mkewe alikuwa mkorofi, hataki mume apigiwe simu usiku. Kabla yake dada mmoja, naye akaolewa Vwawa." Simu nyingine ikalia. Hii aliizima. "Watu hawana uvumilivu."

Gwantwa alizisogeza zile karatasi pembeni. Mimi nilikuwa natazama sakafu ya kontena.

"Bosi, saa za kazi rasmi ni zipi?"

"Saa mbili mpaka saa kumi na moja jioni. Kama ofisi zote."

"Saa kumi na moja ya hapa, au ya Nakonde?"

Hapo Masudi akaweka simu mezani. Kila mtu wa Tunduma anajua, ila mgeni tu ndiye anayeshangaa: ukivuka geti, saa inarudi nyuma kwa saa nzima. Sisi tukifunga, wenzetu wa ng'ambo bado wana saa moja mbele yao, na wakala wa Nakonde ambaye anapokea karatasi zako hawezi kukuelewa ukimwambia umeenda nyumbani.

"Kufungua, tunafungua kwa saa ya hapa," alisema taratibu. "Kufunga... inabidi tuwasubiri wenzetu. Halafu magari ya usiku, hayo unayashughulikia kwa simu, ukiwa nyumbani kwako kabisa. Mara moja moja."

"Mara moja moja ni mara ngapi kwa wiki?"

"Inategemea na kasi ya..." Akaacha. Alisikia mwenyewe neno lililotoka.

"Kwa hiyo tangazo halikudanganya," alisema Gwantwa, bila ukali wowote.

"Lakini mimi nililinakili tu!"

"Ulinakili, bosi. Na limekutosha kama lilishonwa kwa ajili yako."

Nilitaka kucheka, nikajizuia. Masudi naye si mtu mbaya, jamani. Alikuwa ameshangaa kweli. Kwake yeye ile ndiyo siku ya kawaida, na mtu aliyezoea moshi hausikii. Gwantwa akasogeza kiti.

"Bosi, mimi naitaka kazi hii. Nitakueleza ukweli wangu. Nina mtoto anaanza shule Januari, nataka jioni nimkagulie daftari. Nikija saa mbili na kutoka saa kumi na moja ya Tanzania, hakuna trela litakalokosewa namba. Baada ya hapo awepo mtu wa pili, tupokezane kwa wiki. Hata huyo kijana wa fasta, nitamfundisha mimi."

"Mtu wa pili?" Masudi aliinuka. "Dada yangu, ningekuwa na nafasi ya watu wawili si ningetangaza wawili? Wewe ingia kwanza, tuone. Tutaelewana humohumo. Sisi hapa ni familia."

"Familia ninayo, bosi. Iko Ihanda."

"Basi katafakari. Nafasi hii nakuwekea mpaka kesho."

Tulirudi kwa miguu. Kufika dukani, benchi lilikuwa limejaa, na wote walishajua tulikotoka. Nikasimulia. Si ningepasuka?

Na unajua Zahoro alisema nini? Zahoro huyuhuyu! "Sasa mdogo wangu, umeikataa? Kazi yenyewe ya ofisi! Ungeingia kwanza, mengine mbele kwa mbele."

Gwantwa akamgeukia. Sijawahi kumwona vile. "Kaka Zahoro, ni wewe uliyecheka mpaka ukamwaga chai. Ulisema nitaamshwa usiku. Nimekwenda, nimeuliza, ni kweli nitaamshwa usiku. Sasa unaniambia nikubali?"

"Nilikuwa natania!"

"Nyie mnatania. Mimi nachagua." Akalionyesha begi kwa kidole. "Nikiwa gesti usiku, mtoto yuko Ihanda. Nikiwa kwa Masudi usiku, mtoto yuko Tunduma amelala peke yake anasikiliza malori. Tofauti yake ni nini? Niambieni, mnaojua kusoma matangazo!"

Alichokuwa anataka hakikuwa kikubwa. Alitaka jioni. Na hakuna mtu katika mji huu aliyekuwa na jioni ya kumpa.

Kesho yake alimpigia Masudi, akarudia lile ombi la mtu wa pili. Masudi akarudia lile jibu la familia. Ikaishia hapo.

Wiki ile haikuisha, Masudi akawa mlangoni kwangu, simu sikioni.

"Da Siti, ulikuwa sahihi. Tangazo lilikuwa na kasoro. Nimelifikiria upya."

Nikavuta kiti kwenye kompyuta. "Unaweka watu wawili?"

"Hapana. Andika." Akasimama nyuma yangu akiniamuru. "Toa kijana, weka mtu makini. Toa mazingira yenye kasi, weka mazingira rafiki. Saa za kazi, andika: zinazobadilika kulingana na mahitaji. Ile ya familia iache, watu wanaipenda."

Nikageuka kutoka kwenye kompyuta. "Kaka Masudi, umebadilisha tangazo. Kazi umeibadilisha?"

"Kazi ni kazi, Da Siti. Tatizo lilikuwa maneno, si ulisema mwenyewe?"

Nilisema kweli! Nilisema mwenyewe, nikamwonyesha kwa kidole mlangoni kwangu. Nilimfundisha mtu kuficha, nikidhani namfundisha kusema. Nikaandika, maana ni kazi yangu, nikatoa kopi, nikabandika juu ya gundi ileile.

Hapohapo walikuja wasichana wawili waliomaliza chuo, wamependeza. Wakasoma wakisukumana. "Mazingira rafiki, shosti! Na saa zinabadilika, unaweza hata kuingia saa nne!" Masudi alikuwa bado kaunta, anasubiri chenji yake. Mmoja akaniuliza, "Mama, kazi hii ikoje?"

Nikamtazama Masudi, naye akanitazama. Ni mteja wangu wa miaka.

"Kamuulizeni jana alitoka saa ngapi," nikasema. "Saa ya Tanzania." Masudi akachukua chenji akatoka bila kuaga. Hilo si jipya, lakini safari hii hakuwa anaongea na simu.

Jioni Gwantwa alipita kabla ya kuingia zamu. Alilisoma tangazo jipya polepole mpaka mwisho, midomo ikicheza. Aliingia nyuma ya meza yangu, akajinyoosha, akalishusha begi la njano msumarini, akalifuta vumbi kwa kanga.

Foleni ilishamwachia Zahoro, na alikuwa amesharudi kutoka Kasama, Zambia, gari tupu linaelekea Mbeya. Gwantwa akamkabidhi. "Kaka Zahoro, Ihanda pale kwenye magunia ya mkaa, mama atakuwa amesimama barabarani. Nimeshampigia. Mwambie Tabita aanze shule hukohuko."

Zahoro alilipokea kwa mikono miwili. Aliliweka kwenye kiti cha mbele cha lori, akalifunga mkanda.

"Na mwambie," Gwantwa akaongeza, akiwa ameshaanza kutembea kuelekea gesti, "mama yake bado anasoma matangazo."